Marudio ya historia darasa la sita: chemsha bongo inawaamsha wanne, waliobaki wanatazama

Mwalimu wa Igoma

Habari za jioni, walimu wenzangu na wazazi. Ninafundisha darasa la sita katika shule ya msingi hapa Mwanza, darasa lenye wanafunzi 96. Kwa mada ya upinzani wa Waafrika dhidi ya uvamizi wa wakoloni, nimekuwa nikifanya marudio kwa chemsha bongo: kila safu ya madawati ni timu, ninasoma swali, na anayewahi kugonga dawati ndiye anayejibu na kuipatia timu yake alama. Darasa linachangamka kiasi kwamba mwalimu wa darasa la jirani amekwisha kunilalamikia kelele. Tatizo ni kwamba katika jaribio la maandishi lililofuata, walioandika vizuri ni wale wale waliokuwa wakigonga madawati, na wengine wote wameandika kana kwamba mada hiyo hawajawahi kuisikia.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, chemsha bongo ipangweje ili darasa zima lifikiri? Pili, ningependa kuongeza mdahalo, lakini sijui hoja gani ya historia inawafaa watoto wa umri wa miaka 11 au 12 bila kugeuka mashindano ya kupaza sauti.

Baba Neema, Kirumba

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mzazi tu, ila jambo hili la kengele ninalifahamu kidogo. Pale Makoroboi yupo fundi anayeweza kuunganisha vitufe vinne, taa nne na betri, ili anayebonyeza kwanza taa yake iwake na nyingine zizimwe, kama tunavyoona kwenye televisheni. Ubishi wa nani amewahi utakwisha. Binti yangu anapenda sana vipindi hivyo, ingawa nyumbani hujibu kila swali na shuleni, kwa maelezo ya mwalimu wake, hafungui mdomo.

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Ndugu Baba Neema, kitufe kitamaliza ubishi wa nani amewahi, lakini hakitamfikia binti yako asiyefungua mdomo. Shida yenyewe imo katika mbio. Mtoto wa kwanza anapogonga dawati, wengine wote huacha kutafuta jibu, kwa sababu swali limekwisha kupata mwenyewe. Kumbukumbu huimarika pale mtoto mwenyewe anapolivuta jibu kutoka kichwani, hata kama analivuta polepole. Anayemsikia mwenzake akijibu hapati zoezi hilo. Kwa hiyo katika darasa la Mwalimu wa Igoma, kila swali limewapa mazoezi watoto wanne au watano, na wengine wamekuwa watazamaji wa mpira.

Nilivyokuwa nikifanya mimi ni hivi. Kata maboksi ya sabuni au ya biskuti uwe na vipande vya ukubwa wa kiganja, kila mwanafunzi apate vinne vilivyoandikwa A, B, C na D kwa herufi nene. Soma swali mara mbili pamoja na majibu yake manne, kisha nyamaza. Ukimya huo uwe wa kuhesabu kumi polepole moyoni, na mtu yeyote asiguse kadi. Ukisema "inua," wote wainue kwa wakati mmoja, kadi ikiwa imeshikwa chini ya kidevu na herufi ikikutazama wewe. Akiinyanyua juu ya kichwa, aliye nyuma yake atainakili.

Baada ya hapo usitaje jibu. Tazama darasa na ukadirie tu, huna haja ya kuhesabu. Wengi sana wakiwa wamepata, taja jibu kwa sentensi moja ya sababu na uendelee. Wachache sana wakiwa wamepata, chini ya theluthi, acha mchezo na ufundishe upya, kwa kuwa hapo hakuna cha kurudia. Darasa likigawanyika katikati, hapo ndipo penye mavuno: wape dakika mbili kila mmoja amshawishi jirani yake aliyeinua herufi tofauti, kisha wainue kadi kwa mara ya pili. Utashangaa ni wangapi wanaohama, na mara nyingi huhama kuelekea jibu sahihi, kwa sababu mwenye sababu huwa na maneno mengi kuliko aliyebahatisha.

Mwalimu wa Igoma

Shikamoo, Mwalimu. Nimekuelewa kuhusu kadi. Je, maswali yenyewe? Yangu mengi ni ya miaka na majina: Vita vya Majimaji vilianza mwaka gani, nani aliwaongoza Wahehe, na kadhalika.

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Marahaba, mwanangu. Maswali ya miaka na majina hayakatazwi, ila hayazai mjadala wa majirani, maana mtoto ama anajua 1905 ama hajui. Tunga maswali ambayo majibu yake matatu yasiyo sahihi yanatoka kwenye makosa halisi ya watoto, uliyoyaona ukisahihisha madaftari. Ukiweka jibu la kuchekesha ambalo hakuna anayeweza kulichagua, umebaki na majibu matatu tu.

Chukua mfano huu mmoja. "Kinjekitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905. Ni nini kilichofuata? A: Vita viliisha mwezi huo huo. B: Vita vilienea hadi Mahenge na Ungoni. C: Wahehe walijiunga chini ya Mkwawa. D: Wajerumani waliondoka Kilwa." Jibu ni B. Anayechagua A anadhani vita huisha kiongozi anapokufa. Anayechagua C hajui kwamba Mkwawa alikuwa amekwisha kufa tangu Julai 1898. Anayechagua D amechanganya nia ya wapiganaji na matokeo ya vita. Kwa kutazama kadi tu, unajua kila kundi linahitaji nini, jambo ambalo swali la mwaka gani haliwezi kukueleza.

Kosa hilo la C ni la kawaida mno. Nimeona watoto wengi wakimweka Mkwawa baada ya Majimaji, labda kwa sababu jina lake ni kubwa na Majimaji hutangulia katika vichwa vyao. Dawa yake ni foleni ya matukio: watoto watano wasimame mbele, kila mmoja akiwa na karatasi yenye tukio bila mwaka. Mkutano wa Berlin, upinzani wa Abushiri huko Pangani, ushindi wa Wahehe pale Lugalo, kifo cha Mkwawa, kuanza kwa Majimaji. Darasa liwapange kwa kusema nani ahame na kwa nini, kisha kila mmoja ageuze karatasi yake yaonekane 1884, 1888, 1891, 1898 na 1905 nyuma yake. Kazi nzima haizidi dakika 10.

Kijana wa Nyegezi

Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa klabu ya mdahalo sekondari, na napenda kuchangia upande huo. Mdahalo mzuri unahitaji jukwaa. Wachukue wasemaji wanne walio hodari, wawili wa kutetea na wawili wa kupinga, weka mwenyekiti, katibu na mtunza muda, na shule nzima ikae uwanjani. Hadhira ndiyo inayompa msemaji moto. Hoja iwe kali, kwa mfano: "Ukoloni ulileta faida kuliko hasara." Au muwape hoja ya uongozi, kwa sababu Kinjekitile aliongoza vita vyote hadi 1907 lakini makabila hayakumtii, ndiyo maana walishindwa.

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Kijana wangu, umegusa jambo la kweli na la kosa kwa pamoja. Ni kweli kwamba hapakuwa na amri moja juu ya wapiganaji wote, na ni kweli kwamba kila eneo lilipigana kwa namna yake. Hata hivyo, Kinjekitile hakuongoza hadi 1907. Kama nilivyosema hapo juu, aliuawa vita vikiwa havijamaliza hata mwezi wa pili, kwa kuwa watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa mwezi Julai 1905. Moto ulikwisha kusambaa, na maji yalikuwa yakibebwa na wajumbe wengine.

Kuhusu jukwaa, wasemaji wanne mbele ya shule nzima ni dawati linalogongwa na wanne, tofauti ni kwamba sasa wamesimama juu ya meza. Na hoja ya faida za ukoloni siipendekezi kwa umri huu. Nusu ya darasa italazimika kumsifu mkoloni, na watoto watakariri orodha mbili, reli na shule upande mmoja, kodi na viboko upande mwingine, bila kupima ushahidi wowote.

Mama Koku, Sengerema

Ninafundisha darasa la saba, na midahalo midogo nimeifanya, kwa hiyo nieleze kwa kirefu ilivyokwenda, pamoja na palipokwama.

Hoja niliyotumia ni hii: "Vita vya Majimaji vilimalizwa na njaa kuliko bunduki." Nimeichagua kwa sababu pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha, hakuna anayelazimika kumtetea mkoloni, na mtoto haelekei kuipata ikiwa imejibiwa kwenye daftari lake.

Darasa ninaligawa katika makundi ya wanane. Watatu wanatetea, watatu wanapinga, wawili ni waamuzi. Kwa darasa la wanafunzi 96 unapata makundi 12 kamili, yote yakijadiliana kwa wakati mmoja, mengine ndani na mengine chini ya mti. Upande unapangwa kwa kura ya karatasi, mtoto hachagui. Kila kundi hupata bahasha yenye kadi sita za ushahidi, na kadi hizo ni zile zile kwa pande zote mbili, zimewekwa katikati. Kadi ya kwanza inasema kwamba tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji kwa maelfu walishambulia boma la Mahenge na wakarudishwa nyuma kwa bunduki za rashasha. Ya pili, wapiganaji waliamini kwamba maji ya dawa yangegeuza risasi kuwa maji. Ya tatu, Wajerumani na askari wao walichoma mashamba na maghala ya chakula. Ya nne, baada ya mapigano makubwa wapiganaji wengi waliacha mashambulizi ya wazi na kuvizia porini. Ya tano, viongozi wa Wangoni, akiwemo Songea Mbano, walinyongwa mwaka 1906. Ya sita, Wahehe hawakujiunga.

Kanuni yangu kubwa ni ya maneno mawili, "kwa hiyo." Msemaji huinua kadi, husoma ushahidi, kisha lazima aendelee kwa kusema "kwa hiyo" na kuuunganisha na hoja. Asipofanya hivyo hapati alama ya pili. Waamuzi wana karatasi yenye safu tatu: ushahidi sahihi alama 1, "kwa hiyo" inayoeleweka alama 2, kumjibu mpinzani kwa kutaja alichosema alama 2. Sauti, madaha na methali havina alama. Maandalizi ni dakika 8, kila msemaji ana dakika moja kwa zamu, kisha dakika 6 za kujibizana, na zinazobaki waamuzi wanatangaza na kueleza.

Nitoe mfano wa kilichotokea katika kundi mojawapo. Msichana wa upande wa kupinga aliinua kadi ya Mahenge, akasema, "Walikuwa maelfu na wakarudishwa siku moja, kwa hiyo bunduki ndizo zilizowashinda." Mvulana wa upande wa kutetea akanyamaza kidogo, kisha akachukua kadi ya nne na kumjibu: "Kama bunduki zingemaliza vita Mahenge, wasingeendelea kuvizia porini mwaka uliofuata. Aliyejificha porini risasi haimpati, lakini njaa inampata." Sikuwa nimemfundisha hilo. Kadi zilikuwa mezani na alilazimika kujibu.

Sasa palipokwama. Kadi ya Wahehe iliwasumbua wote, kwa sababu haiko upande wa njaa wala wa bunduki. Makundi kadhaa yalianza kubishana kuhusu umoja na yakaiacha hoja. Pili, waamuzi wawili wakiwa marafiki wa upande mmoja, matokeo yanajulikana mapema. Tatu, wale wasio wepesi wa kusoma walichukua muda wote kuisoma kadi yenyewe, kwa hiyo siku hizi sentensi ya kadi haizidi maneno 12.

Mwalimu wa Magu

Nimesoma yote kwa heshima, lakini lazima niseme lililo moyoni. Katika mtihani wa darasa la saba mtoto ataombwa achague jibu na kujibu maswali mafupi. Hakuna mahali atakapoulizwa kutetea hoja. Vipindi vyenyewe ni dakika 40, na mdahalo wa Mama Koku, ukijumlisha kugawa makundi, unakula kipindi chote kwa mada moja tu ya historia. Mimi ningebaki na kadi za A, B, C, D na kuachia hapo.

Jambo lingine, mbona maswali yote ni ya kusini? Watoto wa kanda yetu wajue pia kwamba reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwamba wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao katika Victoria Federation mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi. Pamba ya Umatumbi iling'olewa kwa hasira na pamba ya huku ikajenga ushirika. Huo ni ulinganisho unaofaa chemsha bongo yoyote.

Mama Koku, Sengerema

Mwalimu, kuhusu muda uko sahihi, ndiyo maana ninafanya mdahalo mmoja tu kwa kila mada kubwa, na kadi za herufi kwa mada zilizobaki. Kuhusu mtihani sikubaliani nawe kabisa. Swali la kuchagua linalomtega mtoto ni lile lenye majibu mawili yanayokaribiana, na huko kutofautisha ndiko wanakokufanyia mazoezi wanaposema "kwa hiyo." Ulinganisho wa pamba nimeupenda, nitauandikia kadi.

Baba Neema, Kirumba

Naomba kuuliza tena, sasa nimeelewa kwamba vitufe havihitajiki. Katika hayo makundi ya wanane, mtoto mwenye haya kama wangu asipokuwa na la kusema katika dakika yake moja, anafanywaje? Binti yangu atalia.

Mama Koku, Sengerema

Baba Neema, wa aina yake ninawaweka kwanza kuwa waamuzi. Mwamuzi huandika, husikiliza, na mwishoni husema sentensi moja tu: upande gani umeshinda na kadi ipi imeamua. Mdahalo unaofuata anapewa nafasi ya msemaji wa kwanza, ambaye hana mpinzani wa kumjibu, anasoma tu kadi na "kwa hiyo" yake aliyoiandaa na wenzake. Mbele ya watu saba, wengi husema. Wachache hawasemi hata hapo, na sijapata dawa yao.

Kijana wa Nyegezi

Nimekubali kuhusu tarehe, asanteni. Bado nasema hadhira ina nguvu yake. Kwa nini kundi lililofanya vizuri lisirudie mdahalo wake mbele ya darasa, wengine wakiwa na karatasi ya alama mkononi?

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Hilo linawezekana, kijana, mradi wote waliokaa wanajaza safu zile tatu. Wakikaa bure, tumerudi kwenye dawati.

Mwalimu wa Igoma, niongeze kipimo kimoja, maana kelele za furaha hazikuambii kitu. Siku saba baada ya mchezo, ingia darasani bila kutangaza, wafunge madaftari, kila mtoto aandike peke yake majibu ya maswali matano, mawili kati yake yakiwa yale yale yaliyogawanya darasa siku ya kadi. Usijumlishe alama za timu. Chukua karatasi za watoto 10 ambao kwa kawaida hawanyooshi mkono, uzisome kwanza. Hao wakiwa wamehama kutoka A kwenda B katika swali la Kinjekitile, mchezo umefanya kazi. Wasipohama, angalia kama uliwapa zile dakika mbili za majirani au uliwahi kutaja jibu, kwa sababu walimu tuna haraka ya kutaja jibu.

Mwalimu wa Magu

Na zawadi je? Shuleni kwetu timu inayoshinda hupewa madaftari na kalamu, na anayekosa jibu huipotezea timu alama moja ili wasibahatishe ovyo.

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Alama ya kupunguzwa mimi niliiacha. Mtoto asiye na uhakika huacha kuinua kadi, au huinua ya jirani, na wewe unapoteza habari uliyoitaka, yaani kosa lake. Zawadi sina ugomvi nazo zikiwa ndogo na zikiwa za kundi.

Mama Koku, Sengerema

Hapo mimi niko na Mwalimu wa Magu kwa sehemu. Bila kupunguza chochote, wapo wanaoinua D kila swali ili wamalize. Ninachofanya ni kumwita mmoja kwa jina, bila kujali herufi yake, aeleze kwa nini ameichagua, na akisema "nimebahatisha" timu haipati alama ya swali hilo hata kama herufi ni sahihi. Sijui kama ni haki kwa wenzake.

Mwalimu wa Igoma

Nimeanza kukata maboksi. Alhamisi nitafanya kadi za herufi kwa maswali sita tu, likiwemo la Kinjekitile na la foleni ya Mkwawa, na wiki inayofuata mdahalo wa njaa na bunduki kwa makundi 12. Kadi ya Wahehe nimeamua kuitoa kwenye bahasha na kuibakiza mkononi mwangu, niwape makundi yanayomaliza mapema yaeleze ingewafaa upande gani. Mama Koku, kama una sentensi zako za kadi zenye maneno yasiyozidi 12, nakuomba uziweke hapa, hasa ile ya maghala ya chakula, kwa sababu yangu bado ina maneno 19.

Mama Koku, Sengerema

"Wajerumani na askari wao walichoma mashamba na maghala; vijiji vikakosa chakula." Nyingine nitaziweka kesho nikitoka kwenye zamu.